Mwenzi Wako Anapolipuka au Kuganda Katikati ya Ugomvi: Hatua za Kufuata Pale Kiwewe cha Zamani Kinapoingia Ndani ya Nyumba

Kwa muda sasa wasomaji wananiletea swali lile lile kwa maneno tofauti. Mwenzi wao aliumizwa zamani, iwe utotoni au katika ndoa iliyopita, na sasa ugomvi mdogo tu unamfanya atetemeke, afoke au anyamaze kama jiwe. Wameambiwa dawa ni kupumzika kwanza, kisha kuzungumza. Wamejaribu, ikawashinda.

Nikiwauliza walifanya nini hasa, karibu wote wamekwama mahali pawili. Ama walianza kujitetea wakati mwili wa mwenzao bado unaona hatari, ama waliondoka kwenda kupumzika bila kusema watarudi lini. Mwongozo huu umejengwa kuzunguka makosa hayo mawili.

Mfano nitakaoufuata ni wa nyumba yangu, na mume wangu ameridhia niueleze. Alipokuwa mtoto alifungiwa chumbani na mtu mzima aliyesimama mlangoni akimfokea. Kwa miaka mingi sikujua hilo. Nilichojua ni kwamba tukianza kubishana, ghafla alikuwa ananipigia kelele "Toka hapo!" kwa sauti ambayo si yake, nami nilikuwa naisikia kama chuki.

## Kwanza, hakikisha mwongozo huu unakuhusu

Hatua hizi ni za mtu anayeshtuka, si za mtu anayekutawala. Kama mwenzi wako anakupiga, amewahi kukukaba shingo, anakutishia, anakunyang'anya simu au anakuzuia kutoka, usizitumie. Kukabwa shingo hasa ni dalili ya hatari kubwa kwa uhai wako, hata kama hakukuacha alama. Tafuta mahali salama na watu wa kukusaidia kabla ya kushughulika na kiwewe chake.

Kuna jambo moja linalosaidia kutofautisha. Mtu aliyeshtuka hachagui hadhira kwa umakini, na baadaye mara nyingi huona aibu, huogopa alichofanya na kutaka kukizuia kisijirudie. Anayetawala hujizuia vizuri mbele ya bosi na wageni, hufoka mkiwa wawili tu, na huishia kupata alichokuwa anakitaka. Mtu anaweza kuwa na kiwewe cha kweli na bado akawa mtesaji. Historia yake haikupi wajibu wa kuvumilia kipigo.

## Vitu vya kuandaa

- Neno la kusimamisha. Neno moja fupi, lisilo na lawama ndani yake, ambalo hamlitumii kwa kazi nyingine. Sisi tunasema "nanga".
- Sentensi ya kurudi, ambayo nyote mmeikariri. Mfano wake upo hatua ya tano.
- Saa ambayo wote wawili mnaiona au mnaifikia.
- Sehemu mbili za kukaa, moja ya kila mtu. Yule mwenye kiwewe awe na njia ya wazi ya kutokea.
- Karatasi moja ya kuandika mtakachogundua.
- Mtu mmoja wako wewe, anayeweza kukusikiliza bila kwenda kutangaza. Bila yeye utachoka mapema.

## Hatua ya 1: Chunguzeni mkiwa watulivu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, halafu watu wanashangaa kwa nini zinazofuata hazifanyi kazi. Chagueni siku ambayo hamjagombana, mkae dakika zisizozidi 20, na muulizane mambo matatu tu. Mwili wako huanza kubadilika wapi: kifuani, mikononi, tumboni? Mimi huwa nimefanya nini sekunde chache kabla ya hapo? Na wakati huo, kipi husaidia na kipi huzidisha?

Usimwombe asimulie yaliyompata. Huhitaji kisa kizima ili umsaidie, na kukisimulia bila maandalizi kunaweza kumrudisha kule kule. Akianza kupauka, kupumua juu juu au kupoteza mtiririko wa maneno, funga mazungumzo na mfanye jambo jingine.

Mnachotafuta ni kichochezi, yaani kitu kidogo kinachofanana na hatari ya zamani. Kinaweza kuwa sauti inayopanda, mlango unaobamizwa, kimya cha ghafla, harufu ya pombe, au mtu kumkaribia kutoka nyuma. Mara nyingi hakihusiani kabisa na mada ya ugomvi. Sisi tulidhani tatizo letu ni pesa, kwa sababu tulikuwa tunagombana juu ya pesa. Ilichukua vikao vitatu kugundua kwamba mimi nikikasirika husimama, na nikisimama husimama mlangoni.

Utajua umefaulu pale karatasi itakapokuwa na jambo linaloonekana kwa macho. "Unanidharau" haitoshi. "Ukisimama mlangoni ukiwa umekunja mikono" inatosha, kwa sababu hilo unaweza kulibadilisha leo.

## Hatua ya 2: Tambua kwamba kengele imelia

Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kunusa hatari na kuuamsha mwili. Hufanya hivyo kabla ile sehemu ya kufikiri na kupima haijamaliza kuelewa kinachoendelea. Adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Kwa mtu aliyewahi kuumizwa, kengele hiyo hulia kwa vitu vidogo, na inapolia mwili hauulizi huu ni mwaka gani.

Hasira ni sura moja tu. Ya pili ni woga wa wazi: anarudi nyuma, anajikinga uso, anataka kukimbia. Ya tatu ni kuganda: macho yako wazi lakini hayakuoni, majibu yanachelewa au hayaji, mikono inakuwa baridi. Watu wengi huita hali hii kiburi, wakazidisha kelele ili wajibiwe.

Ya nne ndiyo inayodanganya zaidi. Mwenzi wako anakubali kila kitu haraka haraka: "Nisamehe, ni kosa langu, sitarudia, yaishe." Unaondoka ukiamini mmeelewana, kumbe alikuwa anamtuliza mtu wa hatari. Makubaliano yaliyopatikana namna hiyo hayadumu, na ukimdai kesho yake utamwona mwongo. Akikubali kabla hujamaliza sentensi, chukulia kwamba kengele imelia.

Dalili nyingine za jumla ni ukubwa usiolingana na jambo, mabadiliko ya ghafla ndani ya sekunde, na maneno yanayokuzidi wewe: "nyinyi wote mko hivi", "siku zote mnanifanyia hivi". Ukisikia "nyinyi" wakati chumbani uko peke yako, jua kuna watu wengine anaowaona.

## Hatua ya 3: Shika mwili wako kwanza

Una sekunde kama kumi. Kengele yake huamsha yako, na watu wawili walioshtuka hawawezi kutulizana. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyovuta, mara tatu. Pumzi ndefu ya kutoka husaidia kupunguza mbio za moyo. Legeza taya na mabega.

Kisha jiambie sentensi moja, ile ile kila siku. Yangu ni hii: "Kengele ni ya zamani, mimi nimeigusa tu." Sentensi hii haisemi kwamba huna kosa, wala haisemi kwamba huumii. Inatenganisha mambo mawili ambayo kwenye joto la ugomvi huonekana kitu kimoja. Mada ya ugomvi inaweza kuwa yako kabisa: umechelewa, umesahau, umesema vibaya. Ukubwa wa mshtuko si wako. Ulikuwapo kabla hujakutana naye.

Watu wanaojaribu kutochukulia kibinafsi kwa kujifanya hawasikii huwa wanashindwa, kwa sababu maumivu yanarudi usiku. Wanaoweza ni wale wanaokubali kwamba wameumia, kisha wakayaahirisha maumivu yao hadi saa maalumu. Hatua ya saba ina saa hiyo. Usiiruke.

## Hatua ya 4: Punguza hatari, acha hoja

Hapa ndipo wengi huteleza. Unalaumiwa kwa jambo ambalo hujafanya, na kila kitu ndani yako kinataka kusema: "Lakini mimi sikusema hivyo!" Huenda ni kweli hukusema. Lakini anayeona hatari hapimi ushahidi, na sauti ya mtu anayejitetea hufanana mno na sauti ya mtu anayeshambulia. Hoja yako haijafa, imesogezwa mbele kwa nusu saa.

Fanya yanayoonekana kwa macho. Kaa chini kama umesimama. Ondoka mlangoni. Geuka ubavu kidogo badala ya kumkabili uso kwa uso. Mikono ionekane. Shusha sauti, na zaidi ya hapo punguza mwendo wa maneno. Sema sentensi fupi moja, kisha nyamaza:

- "Naona umeshtuka. Nakaa hapa chini."
- "Sikukasirikii sasa. Njia iko wazi."
- "Unataka nibaki au nisogee?"

Usimguse bila kuuliza, hata kama siku nyingine kumbatio humtuliza. Usiseme "tulia", maana hiyo ni amri, na huenda aliyemuumiza naye alikuwa akiamuru. Usiseme "umeanza tena". Na usimwambie "hicho ni kiwewe chako" katikati ya ugomvi, hata kama ni kweli. Siri aliyokuamini nayo ikishakuwa silaha mara moja, hatakuamini tena na nyingine.

Aliyeganda anahitaji kitu tofauti kidogo. Huyo usimnyamazie, kwa sababu kimya chako kinamwacha peke yake kule aliko. Mwite jina lake polepole, mkumbushe yuko wapi na leo ni siku gani, kisha mwombe mambo madogo ya mwili: kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kushika kitu cha baridi, kutaja vitu vitano anavyoviona chumbani. Majibu ya neno moja moja yanatosha.

Utajua umefaulu kwa ishara ndogo sana: pumzi ndefu inamtoka, mabega yanashuka, macho yanarudi kukutafuta. Kuomba msamaha bado ni mapema, usikungoje.

## Hatua ya 5: Simamisheni ugomvi, na taja saa ya kurudi

Sasa sema neno lenu la kusimamisha. Baada yake, papo hapo, sema sentensi ya kurudi: "Nanga. Siondoki. Niko sebuleni, saa mbili na nusu nitakuwa mezani tuendelee."

Sentensi hiyo ina sehemu tatu, na kila moja ina kazi. "Siondoki" inajibu hofu ya kuachwa. Mahali panamwezesha kujua uko wapi bila kukutafuta. Saa inageuza mapumziko kuwa ahadi. Ukiinuka tu na kutoka, wewe unajua unapumzika, lakini yeye anaona kile kile kilichompata zamani: mtu kakasirika, kaondoka. Hapo ndipo watu hufuatwa chumba hadi chumba, kisha wanasema mapumziko hayasaidii.

Mapumziko yasipungue dakika 20. John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, anatumia mapigo 100 ya moyo kwa dakika kama alama ya mtu aliyefurika hisia kiasi cha kushindwa kusikiliza, na anashauri angalau dakika 20 ili mwili ushuke. Kwa aliye na kiwewe inaweza kuchukua zaidi. Mwanzoni jaribuni nusu saa, na msivuke saa moja bila kuonana. Kama ni usiku wa manane na wote mmechoka, tajeni saa ya kesho, lakini itajeni.

Ndani ya muda huo usitunge hotuba. Ukikaa unapanga utakachomjibu, moyo wako unaendelea kukimbia na dakika zinapotea bure. Tembea, nawa uso kwa maji baridi, kunja nguo, fanya kazi yoyote ya mikono.

Saa ikifika, rudi. Rudi hata kama hujawa tayari, useme: "Nimerudi kama nilivyosema, lakini nahitaji dakika 20 nyingine." Ukitimiza saa hiyo mara nyingi, mwili wake utaanza kukuamini, na hilo maneno peke yake hayawezi kulifanya. Ukikosa mara moja tu katika siku za mwanzo, omba radhi kwa kukosa huko peke yake, kabla ya kugusa mada.

## Hatua ya 6: Rudini kwa mpangilio

Mpangilio ni mwili kwanza, kisha mshtuko, mada mwisho. Nitaeleza jioni moja ilivyokwenda kwetu.

Nilikuta pesa tulizoweka kwa ajili ya kodi zimepungua. Nilimuuliza nikiwa nimesimama, sauti ikapanda, na bila kujua nikawa mlangoni. Akapiga kelele nitoke. Safari hii niliiona miguu yangu ilipo. Nikasogea, nikakaa, nikasema: "Njia iko wazi." Akabaki anahema. Baada ya dakika kama mbili akasema mwenyewe: "Nanga." Mimi nikataja mahali na saa.

Tuliporudi sikuanza na pesa. Nilimuuliza: "Mwili wako ukoje sasa?" Akajibu: "Mikono bado inatetemeka kidogo, lakini nakusikia." Nikasema sehemu yangu: "Nilipandisha sauti na nikasimama pale. Samahani kwa hilo." Naye akasema yake: "Mke wangu, nilikufokea kama adui. Hukustahili. Nilipoona mlango umezibwa sikukuona wewe tena."

Angalia kwamba sikuomba radhi kwa kuulizia pesa. Swali lilikuwa halali na lilibaki halali. Angalia pia kwamba yeye hakusema "ni kwa sababu ya utoto wangu" kisha akanyamaza. Kiwewe kinaeleza kwa nini alifoka, lakini radhi ya kufoka ni juu yake kuitoa.

Ndipo tukafika kwenye pesa, tukiwa wote tumekaa, kwa dakika 20 za saa. Ilibainika alikuwa amemkopesha ndugu yake bila kuniambia. Nilikasirika, na nilikuwa na haki. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa nimemkasirikia kwa jambo alilolifanya kweli, naye aliweza kusikia.

Onyo la upande wa pili: usitumie kiwewe chake kukwepa lawama zako. Kama umemwongopea naye akalipuka, mlipuko unaweza kuwa wa zamani, lakini uongo ni wa leo. Yule anayeambiwa kila mara kwamba hasira yake ni ugonjwa hufika mahali akaacha kusema kabisa.

## Hatua ya 7: Siku ya pili, zamu yako

Kesho yake, wakati wa utulivu, una dakika 10 za kusema ulivyoumia bila kukatizwa: "Jana ulipopiga kelele niliogopa. Bado nina uzito kifuani." Yeye kazi yake ni kusikiliza tu. Kama hawezi bado, mtafute yule mtu wako uliyemwandaa. Wenzi wengi huvumilia miaka bila zamu hii, na siku moja wanagundua hawana huruma iliyobaki.

Kisha chukueni karatasi. Andikeni kichochezi, dalili ya kwanza mliyoiona, na muda uliopita mpaka mkaweza kuzungumza tena. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kufuatilia. Msitarajie milipuko iishe mwezi huu. Angalieni kama mliokuwa mnahitaji siku mbili kurudiana sasa mnahitaji saa mbili.

## Pale hatua hizi zinapofika mwisho wake

Unaweza kuacha kubonyeza kengele na unaweza kusaidia izimike. Kuirekebisha kengele yenyewe ni kazi ya mwanasaikolojia au mshauri aliyefunzwa masuala ya kiwewe. Mtafuteni kama kwa zaidi ya mwezi anaota ndoto mbaya, anaona tukio la zamani kama linatokea sasa, anakwepa watu na mahali, au anatumia pombe ili alale. Zipo tiba za mazungumzo zilizotengenezwa mahsusi kwa kiwewe, na huwasaidia wengi, ingawa huchukua wiki au miezi. Akizungumzia kujiua, msisubiri miadi: usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari karibu naye, na mfikisheni kwenye huduma ya dharura siku hiyo hiyo.

Mnapompigia mshauri kwa mara ya kwanza, muulizeni mambo mawili: amefunzwa tiba gani ya kiwewe, na hufanya nini mteja akishtuka katikati ya kikao. Kama jibu la pili ni kwamba humhimiza aendelee kusimulia tu, tafuteni mwingine. Na ile karatasi mwenzi wako aende nayo. Itamwonyesha mshauri mambo ambayo mwenyewe huenda akashindwa kuyasema siku ya kwanza.